Rangi si Kipimo: Kupika Baga za Nyama ya Kusaga kwa Usalama

(Maneno ya mratibu wa mradi kwa akina mama wa kikundi cha upishi, katika mafunzo ya siku moja yaliyofanyika Moshi.)

 

Mwezi ujao kikundi hiki kina kazi ya kupika chakula cha mahafali ya watoto wa shule ya awali. Watoto ni 120, na wengi wao wana umri wa miaka mitano na sita. Mwenye shule ameomba kila mtoto apate baga moja, yaani ule mkate wa duara wenye kipande bapa cha nyama ya kusaga katikati. Leo nikisema baga nitakuwa nina maana ya kile kipande cha nyama, maana mkate hauna shida.

Tulipokuwa tunapanga kazi hii, mama mmoja aliniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niombe nafasi ya kuzungumza. Aliniambia hivi: "Mratibu, mimi nimefanya kazi hotelini. Wapo wageni waliotaka steki iwe nyekundu katikati, wakala, na kesho yake wakaamka wazima. Sasa mbona baga unaiogopa hivyo?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake likieleweka, mengine yote nitakayosema yatafuata yenyewe.

Tuanzie machinjioni. Ng'ombe mzima, asiye na ugonjwa wowote, hubeba tumboni bakteria wengi. Miongoni mwao wamo aina fulani za E. koli, na iliyo maarufu kwa ubaya inaitwa O157. Ng'ombe haumwi nao, kwa hiyo kwa kumtazama huwezi kujua. Wakati wa kuchuna, kinyesi kidogo sana kilichoko kwenye ngozi au kilichotoka kwenye utumbo kinaweza kugusa nyama. Kisu, mikono, gogo la buchani na nzi navyo huongeza sehemu yao. Lakini bakteria hao huwa juu ya nyama. Ndani ya msuli mzima wa mnyama mwenye afya kwa kawaida hawamo.

Sasa chukua kipande cha steki, ukiweke kwenye kikaango chenye moto. Upande wa juu na wa chini, pale bakteria walipo, ndipo panapopata moto mkali kuliko kwingine kote. Wanakufa mapema, hata kama katikati bado pana wekundu. Ndiyo maana yule mgeni aliamka mzima.

Halafu chukua kipande hichohicho ukipitishe kwenye mashine ya kusagia. Uso wa nyama unakatwakatwa na kuchanganywa na sehemu ya ndani. Bakteria waliokuwa nje sasa wako kila mahali, pamoja na katikati kabisa ya baga, mahali ambapo moto hufika mwisho. Tena nyama ya kusaga mara nyingi hutokana na vipande vya pembeni vya ng'ombe zaidi ya mmoja, na mashine isiyofunguliwa na kuoshwa hubakiza nyama ya jana. Kwa hiyo mnyama mmoja aliyechafuka anaweza kuchafua kilo nyingi. Kwa steki, unapika uso. Kwa baga, ni lazima uivishe katikati, kwa sababu katikati ya baga ndiko uliko sasa ule uliokuwa uso.

Kabla sijaendelea niweke mipaka miwili. Kwanza, steki iliyochomwachomwa kwa uma au kwa sindano ili viungo viingie haihesabiki tena kuwa nzima, maana kile kilichokuwa nje umekisukuma ndani. Pili, habari ya steki nyekundu inahusu nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Nyama isiyokaguliwa inaweza kuwa na vifuko vya tegu wachanga ndani ya msuli wenyewe, na hivyo haviuawi kwa kuchoma uso peke yake. Kwa nyama ya namna hiyo, steki nayo iive hadi ndani.

Ningependa mjue jambo hili halikutungwa na wataalamu wapendao kutisha watu. Mwishoni mwa mwaka 1992 na mwanzoni mwa 1993, huko Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua baada ya kula baga katika mikahawa ya Jack in the Box. Wagonjwa wengi walikuwa katika jimbo la Washington, na wengi walikuwa watoto. Watoto wanne walikufa. Chanzo kilikuwa bakteria yule wa O157 ndani ya nyama ya kusaga. Jimbo la Washington lilikuwa limeshaweka sheria kwamba baga ifikie nyuzi 68 za sentigredi katikati, lakini mikahawa hiyo ilikuwa ikipika kwa kiwango cha zamani cha nyuzi 60. Angalieni tofauti hiyo: ni nyuzi nane tu. Kwa macho usingeiona, na kwa ulimi huenda usingeitambua. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilitamka kwamba nyama mbichi ya kusaga yenye bakteria huyo ni nyama iliyoharibika kisheria na haifai kuuzwa.

Kwa nini watoto? Bakteria wa O157 hutoa sumu. Mtu mzima mara nyingi atapata tumbo la kusokota na kuhara, pengine kuhara damu, kisha apone. Kwa mtoto mdogo sumu hiyo inaweza kuharibu chembe za damu na kuziba mishipa midogo ya figo, na figo zikashindwa kufanya kazi. Tena hahitaji kumeza bakteria wengi. Idadi isiyofika mia moja inaweza kutosha. Ndiyo sababu oda ya watoto 120 wa miaka mitano si sawa na oda ya mafundi 120 wa ujenzi.

Kipimo kinachotumika leo kwa baga ya nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe ni nyuzi 71 katikati kabisa. Waingereza husema nyuzi 70 kwa muda wa dakika mbili, nayo ni njia ya kufika palepale. Nyama ya kuku ya kusaga ifike nyuzi 74. Joto na muda hufanya kazi pamoja: kwenye nyuzi 60 bakteria huhitaji dakika nyingi kufa, lakini ukifika 71 ni jambo la sekunde chache. Kwa hiyo mpishi akifikia 71 hana haja ya kuanza kuhesabu tena.

Sasa nije kwenye kosa ambalo mimi mwenyewe nimelifanya kwa miaka mingi, nalo ni kuamini rangi. Nilikuwa naikata baga moja, nikiona kahawia ndani nasema imeiva. Jumamosi iliyopita tulifanya jaribio katika jiko la kituo, na wawili kati yenu walikuwepo. Tulichukua kilo moja ya nyama iliyosagwa asubuhi hiyo, tukafinyanga baga za gramu 100 kila moja. Kila baga ilikuwa na upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita moja na kidogo. Tukatumia kikaango kizito cha chuma na jiko la mkaa.

Baga ya kwanza tuliipika kwa mkaa uliokolea sana, dakika tatu kila upande. Nje ilikuwa nyeusi na yenye harufu nzuri ya kuvutia. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 58 katikati. Tulipoikata palikuwa na wekundu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Ya pili tuliipika kwa moto wa wastani, dakika nne kila upande. Tulipoikata ilikuwa kahawia yote, na maji yaliyotoka hayakuwa na damu. Wote tuliokuwa pale tulisema hii imeiva. Kipimajoto kikasema nyuzi 65. Hapo jiko zima lilinyamaza kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo baga ambayo sisi sote tungempa mtoto.

Ya tatu tuliipika hivyohivyo, ila baada ya zile dakika nane tuliifunika kwa mfuniko na kuiacha dakika mbili zaidi. Ikafika nyuzi 73. Ilikuwa laini bado, wala haikukauka.

Mtauliza rangi inatudanganya kwa nini. Wekundu wa nyama hutoka kwenye protini fulani iliyo ndani ya msuli. Protini hiyo ikikaa na hewa kwa muda hubadilika, na ikishabadilika huwa kahawia mapema, kwenye joto la chini. Nyama ya kusaga imeingiwa na hewa kila upande, kwa hiyo iliyokaa muda baada ya kusagwa hupata rangi ya kuiva kabla haijaiva. Idara ya Kilimo ya Marekani inasema baga moja kati ya nne hugeuka kahawia katikati kabla ya kufikia joto salama. Kinyume chake pia hutokea: baga yenye vitunguu vingi inaweza kubaki na wekundu hata baada ya kupita nyuzi 71, nayo ikawa salama. Kwa hiyo rangi hukosea pande zote mbili. Mara nyingine inakufanya uunguze nyama iliyokwisha kuiva, na mara nyingine inakufanya upakue ambayo haijaiva.

Kipimajoto cha nyama ndicho kifaa tutakachonunua kwa fedha za kikundi kabla ya kununua sahani mpya. Tutachukua cha tarakimu chenye ncha nyembamba, kwa sababu hicho husoma joto kwenye ncha yake. Kile cha saa ya mshale husoma sehemu ndefu ya fimbo yake, kiasi cha sentimita tano au sita, na ukikichomeka kutoka juu kwenye baga ya sentimita moja kitasoma joto la kikaango na hewa badala ya nyama. Hata cha tarakimu tukichomeke kutoka ubavuni mwa baga, kilalie kuelekea katikati, bila ncha kugusa chuma. Subirini namba itulie, kwa kawaida sekunde kumi hivi. Kama haijafika 71, rudisha baga motoni, na pangusa ncha kwa kitambaa safi chenye maji ya moto na sabuni kabla ya kupima tena. Ukiacha kuifuta, unachukua uchafu wa nyama mbichi na kuuchomeka kwenye nyama iliyoiva.

Kipimajoto nacho kipimwe. Jazeni glasi barafu iliyopondwa, ongezeni maji kidogo, koroga, kisha tumbukizeni ncha. Kinapaswa kusoma sifuri. Msitumie maji yanayochemka kwa kudhani yatasoma 100, maana hapa Moshi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Anayekaa Njombe atapata 93 hivi. Mtu asiyejua hilo anaweza kutupa kipimajoto kizima.

Sasa tuione siku yenyewe. Watoto 120 kwa gramu 100 ni kilo 12 za nyama. Nyama isagwe asubuhi ya siku hiyo, kutoka steki au mkono tuliochagua wenyewe, na tumwombe mwenye bucha afungue mashine na kuiosha mbele yetu kabla ya kuanza. Ije jikoni ndani ya sanduku la barafu. Baga zifinyangwe kwa mafungu ya 24, na mafungu mengine yabaki kwenye barafu au friji. Zote ziwe na unene ule ule. Tulijaribu pia baga moja nene ya gramu 150, yenye sentimita mbili na zaidi, na baada ya dakika nane ilikuwa bado nyuzi 54. Ilihitaji dakika 16 kufika 71. Mkichanganya nene na nyembamba katika kikaango kimoja, hakuna muda utakaozifaa zote. Vilevile baga iliyogandishwa isiwekwe kikaangoni ikiwa na barafu katikati, maana zile dakika kumi hazitaitosha. Ikae kwenye friji usiku kucha mpaka barafu yote iyeyuke.

Kikaango kipate moto kwanza, kisha mkaa upunguzwe uwe wa wastani. Baga sita kwa kikaango, zisigusane, maana zikibanana kikaango hupoa na nyama huchemka badala ya kukaangika. Dakika nne upande wa kwanza, geuza, dakika nne upande wa pili, kisha funika dakika mbili. Ukipenda kugeuza mara nyingi zaidi, geuza, kwani husaidia joto kuingia sawasawa kutoka pande zote mbili. Hizo dakika kumi zinakuambia wakati wa kuanza kupima. Ruhusa ya kupakua inatoka kwenye kipimajoto. Mkaa wa leo si mkaa wa jana, na kikaango chepesi si kama kizito.

Katika kila kikaango pimeni baga mbili: ile nene kuliko zote, na ile iliyo mbali na moto mkali. Hizo zikifika 71, nyingine zimefika. Isipofika moja, rudini zote dakika moja na mpime upya. Kwa vikaango viwili tunatoa baga 12 kila baada ya dakika 12 hivi, kwa hiyo raundi kumi zitachukua saa mbili. Zinazotoka ziingie kwenye hotipoti iliyotangulizwa maji ya moto na kumwagwa, ili zisishuke chini ya nyuzi 60 kabla watoto hawajala.

Koleo la kuweka baga mbichi lisitumike kuopoa zilizoiva, na sinia la mbichi lisipokee zilizoiva. Tufunge utepe mwekundu kwenye vyombo vya mbichi. Anayefinyanga asikate mikate wala kachumbari mpaka amenawa kwa sabuni. Mkate na kachumbari haviendi tena motoni, kwa hiyo kitakachovigusa ndicho kitakachofika kinywani mwa mtoto.

Na kama siku hiyo kipimajoto kitaharibika? Hapo nawaomba tusipike baga kwa kubahatisha. Zile tulizofinyanga tuzikaange pande zote, kisha tuzitumbukize kwenye rosti ya nyanya inayochemka, tufunike na kuziacha zichemke taratibu robo saa. Rosti inayochemka ni yenye joto kubwa kuliko 71, na baga ya sentimita moja ikichemka humo robo saa itafika. Watoto watapata nyama na rosti ndani ya mkate. Haitakuwa baga kama ya kwenye picha, lakini hatutakuwa tumecheza kamari na figo za mtu.

Neno la mwisho kwa ajili ya majumbani. Ugonjwa huu hauji usiku uleule. Kwa kawaida huanza siku tatu au nne baada ya kula, na unaweza kuchelewa hata siku kumi. Mtoto akihara damu, akipauka, au akikojoa kidogo sana, apelekwe hospitali mara moja, na mzazi aseme mtoto alikula nini wiki hiyo. Msimpe dawa za kuua bakteria wala za kuzuia kuhara mlizonunua dukani, kwa sababu kwa ugonjwa huu zinaweza kuongeza madhara ya figo. Daktari ndiye aamue.

Yule mama aliyeniuliza swali amekaa pale nyuma. Mama, jibu langu ni hili: mgeni wako alikula steki ambayo moto ulikuwa umepita mahali palipokuwa na hatari. Kwenye baga hatari imehamia katikati, na huko macho yetu hayafiki. Tutatuma kipimajoto kikaangalie kwa niaba yetu.

Sasa twende jikoni. Barafu imeshapondwa, na kila mmoja atapima baga yake mwenyewe kabla ya kuila.